Pampu inatripu na ampia ziko sawa: usiku wa kutafuta joto ndani ya paneli

Usiku ule pampu namba 1 ilizima mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa natafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwapo, na dalili yenyewe ilikuwa puani mwangu tangu nilipofungua mlango wa chumba cha paneli. Ninaandika mfululizo wote kama ulivyokwenda, kwa ajili ya opereta atakayekaa peke yake na pampu ya aina hii saa saba za usiku.

Kituo chetu cha kusafisha maji kiko kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Pampu mbili za maji ghafi huvuta maji kutoka ziwani na kuyapandisha hadi pale yanapochanganywa na alamu, dawa ya kukusanya tope. Kila pampu ina mota ya kilowati 37 na husukuma karibu mita za ujazo 280 kwa saa. Kwa kawaida hupokezana kila baada ya saa sita. Wiki ile mota ya namba 2 ilikuwa karakana kubadilishiwa beringi, kwa hiyo namba 1 ilikuwa siku ya tatu ikifanya kazi bila kupumzika. Jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani, na nitalirudia.

Saa nne na robo usiku nilisikia valvu ya kuzuia maji kurudi ikijibamiza, kisha kimya. Taa nyekundu ya paneli ikawaka.

Kabla ya kugusa pampu

Pampu ya maji ghafi ikizima, kitu cha kwanza kushughulikia ni dawa. Pampu ndogo ya alamu ina mota yake na haijui kwamba maji yamesimama. Usipoizima itaendelea kudondosha alamu mahali pamoja, na ukiwasha pampu kubwa tena lile donge zima litaingia kwenye matangi ya kutuamishia. Asidi ya maji itapanda ghafla, madonge ya tope hayatashikana vizuri, na saa moja baadaye vichujio vitaanza kupitisha maji yenye ukungu. Tena hutajua kwa nini, maana akili yako yote itakuwa kwenye pampu. Kwa hiyo zima alamu, punguza klorini kulingana na maji yanayoingia kwenye tangi la maji safi, soma kina cha tangi hilo na uandike saa. Tangi letu usiku ule lilikuwa na maji ya kutosha takriban saa tano kwa matumizi ya usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi niliyokuwa nayo, na kuijua kuliniondolea haraka ya kuriseti ovyo.

Andika pia muda ambao pampu ilikaa imewaka kabla ya kutripu. Watu wengi huandika saa ya kuzima tu. Muda wa kukaa imewaka una habari zaidi. Pampu inayozima sekunde chache baada ya kuwashwa ina shida ya kuanza: shafti imekwama, fezi moja haipo, au kipima muda cha kubadilisha kutoka nyota kwenda delta kimeharibika. Inayokaa nusu saa au saa nzima ndipo izime ina kitu kinachopata joto polepole. Yangu ilikuwa imekaa siku tatu. Nilipoiriseti ikakaa dakika 55, kisha 25, kisha 12. Muda uliokuwa unapungua ulinieleza kwamba kile kilichopata joto hakikuwa kinapoa kabisa kabla sijawasha tena.

Na hapa kuna mtego. Rilei ya ovalodi, kifaa kinachosimamisha mota ikizidiwa na mzigo, hupoa kwa dakika chache na kitufe chake hukubali kubonyezwa. Koili za mota ya ukubwa ule huhitaji nusu saa au zaidi. Rilei kukubali kurisetiwa hakuna maana kwamba mota imepoa. Kawaida inayofuatwa kwa mota nyingi za aina hii ni kuwasha mara mbili mfululizo ikiwa baridi, au mara moja tu ikiwa moto, kisha kusubiri.

Ni nani aliyezima?

Paneli yetu ina walinzi wanne wanaoweza kuisimamisha pampu: fyuzi, rilei ya kuangalia fezi za umeme unaoingia, floti ya kina cha maji kwenye kisima cha kuvutia, na rilei ya ovalodi. Kila mmoja huacha alama yake. Floti ikishuka, taa ya kina huwaka na pampu hurudi yenyewe maji yakipanda. Rilei ya fezi ina kitaa chake, ambacho hubadilika rangi umeme ukiharibika. Ovalodi ikitripu, kitufe chake cha kuriseti huchomoza, mguso wenye namba 95 na 96 hufunguka na kuikata kontakta, swichi inayoipa mota umeme, na ule wa 97 na 98 hufunga na kuwasha taa ya hitilafu. Namba hizo zimeandikwa kwenye rilei yenyewe na ni zile zile kwa watengenezaji karibu wote, kwa hiyo hata paneli isiyo na mchoro hukuonyesha.

Kwetu kitufe kilikuwa kimechomoza. Ilikuwa ovalodi.

Gugu maji, na kosa langu

Wiki ile upepo ulikuwa umesukuma gugu maji hadi ukingoni mwetu. Kila mtu anayefanya kazi kando ya ziwa hili hulilaumu gugu kwanza, nami nikalilaumu. Nilimwamsha mlinzi anishikie tochi, tukashuka hadi kisimani, tukasafisha wavu, tukatoa mizizi kama karai mbili. Nikawasha. Dakika 25 baadaye ikazima tena.

Kazi ile haikuwa ya bure kwa ziwa, lakini kwa tatizo langu haikuwa na uhusiano, na ningeweza kulijua hilo nikiwa nimesimama mbele ya paneli. Pampu ya aina yetu, yenye impela inayorusha maji kwa nje, hula umeme zaidi inapopitisha maji mengi na kidogo inapopitisha machache. Wavu ukiziba maji hupungua, na ampia hushuka. Utasikia pampu ikitoa sauti kama inatafuna kokoto, geji ya upande wa kutoa itatikisika, lakini sindano ya ampia itakuwa chini ya kawaida. Gugu linaweza kupandisha ampia kwa njia moja tu: nyuzi zake zipite wavuni, zijisokote kati ya impela na ganda la pampu, na kuifanya shafti isuguane. Hiyo huijua kwa kuzima umeme, kufunga swichi kuu kwa kufuli, na kuzungusha shafti kwa mkono penye kapilingi. Yangu ilizunguka laini, bila kukwaruza.

Soma ampia tatu

Klampu mita ndiyo iliyonitoa gizani. Inashikwa juu ya kebo yenye ganda lake, bila kugusa shaba, na opereta aliyefundishwa anaweza kuitumia. Ila ujue unapima wapi. Stata yetu, kifaa cha kuwashia mota, ni ya sta-delta, yaani ya nyota kwenda delta. Kibao cha mota kinasema ampia 67, na hizo ni za kebo zinazoingia kwenye stata. Rilei ya ovalodi imefungwa chini ya kontakta kuu, ambako inapita sehemu ya umeme inayokwenda kwenye koili moja moja, yaani asilimia 58 ya ile ya kuingia. Kwa hiyo rilei imewekwa 39, na hiyo ni sawa kabisa. Nimewahi kumwona mtu akishangaa kwamba “mota ya 67 imefungiwa 39” na kutaka kuipandisha. Angeipandisha, mota ingeachwa bila ulinzi wa kutosha.

Niliwasha mara ya tatu nikiwa na klampu mkononi. Kwenye kebo za kuingia nilipata 62, 63 na 62. Chini ya rilei nilipata 36, 37 na 36.

Kila mpangilio wa namba hizi tatu hukupeleka kwenye njia yake, na zinaachana mapema.

Zote tatu zikiwa juu kwa kiasi kinacholingana, mzigo umeongezeka. Beringi imekufa, impela inasugua, au pampu inatoa maji mengi kuliko ilivyoundiwa. Hili la mwisho huwachanganya watu kwa sababu linaonekana kama neema. Mwaka mmoja bomba letu la kupandishia lilipasuliwa na tingatinga la barabara, na dalili ya kwanza tuliyoiona kituoni ilikuwa ovalodi kutripu. Geji ambayo husoma baa 3.2 ilikuwa imeshuka chini ya 2, na ampia za kuingia zilikuwa zimepanda hadi 74. Pampu ilikuwa haina tena mlima wa kuupanda, ikawa inamwaga maji bila kizuizi na kula umeme kwa kila tone la ziada. Kipimo chake ni chepesi: funga valvu ya kutolea mizunguko michache huku ukitazama klampu. Ampia zikishuka mara moja pamoja na valvu, tatizo liko kwenye maji na bomba. Zikikataa kushuka, tazama beringi na impela.

Moja ikiwa mbali na wenzake, tatizo ni la umeme. Pima volti kati ya fezi kwa fezi kwanza. Volti zikipishana kwa asilimia 1 tu, ampia za mota zinaweza kupishana kwa asilimia 6 hadi 10, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye volti si ndogo. Ukiwa na fundi, anaweza kuzungusha kebo tatu za kuingia, kila moja ihamie nafasi inayofuata. Mota itaendelea kuzunguka upande ule ule. Ampia kubwa ikihama pamoja na fezi ya laini, lawama ni ya umeme unaoingia. Ikibaki pale pale kwenye koili ile ile, lawama ni ya stata au mota. Volti zangu zilikuwa 412, 415 na 410, hakuna iliyopishana na wastani wake kwa asilimia 1.

Na kuna mpangilio wa tatu, niliokuwa nao mimi. Zote sawa, zote chini ya kiwango kilichowekwa, na bado rilei inatripu.

Geji ilisoma baa 3.2. Ganda la mota lilikuwa na joto la kawaida la mota inayofanya kazi. Nilikuwa nimesimama na namba nzuri mkononi pampu ilipozima mbele yangu, dakika ya 12.

Kishawishi cha kuzungusha skrubu

Kuna skrubu ndogo usoni mwa rilei yenye namba 30 hadi 40. Nitasema ukweli kwamba kidole changu kilikuwa juu yake. Ningeipeleka 40, hata mwishoni kabisa mwa kipimo, na labda pampu ingefika asubuhi.

Nilimpigia simu fundi wa umeme wa zamu, mzee ambaye amefanya kazi hii tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nikamsomea namba zote.

“Mzee, ampia ni 36, rilei imewekwa 39, na inatripu. Naona rilei imechoka. Niipandishe kidogo?”

“Usiiguse,” akasema. “Omera, rilei haijui ampia. Rilei inajua joto. Hizo 36 umezisoma wewe. Yenyewe imehisi kitu kingine. Chumba cha paneli kinanuka nini?”

Nikamjibu kwamba hakinuki chochote, ni harufu ya samaki tu. Kina mama huanika omena kwenye nyavu ng’ambo ya ua wetu, na upepo wa jioni huingiza harufu hiyo kila mahali.

Alinyamaza kidogo. “Omena wanaanikwa saa saba usiku?”

Hawaanikwi. Huanuliwa kabla ya giza. Na nilipotoka nje na kuvuta pumzi, hewa ya ua ilikuwa safi, inanuka maji na majani mabichi tu. Harufu ya samaki ilikuwa ndani, na nilipousogelea mlango wa paneli ya namba 1 ikawa kali kama samaki aliyelala. Baadhi ya plastiki ngumu zinazotumika kwenye vifaa vya umeme hutoa harufu hasa hiyo zinapochomwa polepole, kabla hata ya kutoa moshi. Mahali pengine mtu angeshangaa kusikia harufu ya samaki kwenye chumba cha paneli na angefuatilia. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tumeizoea mno, ndiyo maana naisisitiza kwa wenzangu wa Kisumu, Homa Bay na Busia: ikiwa harufu ya samaki ni kali zaidi ndani ya chumba cha paneli kuliko nje, hiyo haitoki ziwani.

Rilei inapodanganywa na joto

Ndani ya rilei ya ovalodi ya kawaida kuna vipande vitatu vya metali, kimoja kwa kila fezi. Kila kipande kimeundwa kwa metali mbili zilizogandamizwa pamoja, moja hutanuka zaidi ya nyenzake ikipata joto. Umeme wa mota ukipita, kipande hupata joto na kujipinda. Ukizidi kiwango, kinajipinda kiasi cha kusukuma kijiti na kufungua mguso wa 95 na 96. Watengenezaji wameifidia rilei kwa joto la chumba, ili mchana wa Kisumu usiitripue. Lakini fidia hiyo inahusu joto linaloizunguka rilei yote kwa usawa. Haiwezi kufidia moto unaoingia kupitia terminali moja na kutambaa juu ya shaba hadi kwenye kipande kimoja. Kipande hicho hujipinda kupita wenzake, na rilei nyingi za siku hizi hutripu mapema zaidi fezi zisipolingana, kwa kuwa zimeundwa kuhisi fezi iliyopotea.

Moto huo hutoka kwenye kiungo kilicholegea. Shaba mbili zikigusana vibaya, umeme unapita bado, ndiyo maana klampu haikuona kitu, lakini volti chache hubaki pale kwenye kiungo na kugeuka joto. Mota yenye volti 415 haitambui volti 2 zilizopotea. Terminali inazitambua sana.

Mzee alifika na pikipiki saa nane kasorobo. Pampu ilikuwa imepumzika zaidi ya nusu saa. Alivaa glavu na miwani, akaniambia nisimame nyuma, tukawasha. Kwanza alitumia kipimajoto cha kulenga kwa mwali. Alilenga ganda la plastiki la kebo, karibu kabisa na terminali, na akanieleza sababu: metali inayong’aa hukidanganya kifaa hicho na kukifanya kionyeshe joto dogo kuliko lililopo. Baada ya dakika kumi kebo ya kwanza chini ya rilei ilisoma nyuzi 54, ya tatu 57. Ya kati ilisoma 118 na ilikuwa inaendelea kupanda.

Kisha akapima kitu ambacho sikuwahi kuona kikipimwa. Aliweka mita ya volti kwenye kiwango cha juu kabisa, akaweka ncha moja kwenye terminali ya kuingilia kontakta kuu na nyingine kwenye ncha ya kebo inayotoka chini ya rilei, fezi ile ile, pampu ikiwa inafanya kazi. Alipohakikisha usomaji ni mdogo ndipo akashusha kiwango. Kazi hii ni ya fundi, si ya opereta: ncha ikikosea na kugusa fezi ya jirani, kati ya ncha hizo kuna volti 415. Fezi ya kwanza ilipoteza volti 0.2, ya tatu 0.2, ya kati 2.2. Volti 0.2 ni za kawaida kwa miguso ya kontakta na vipande vya rilei. Volti 2 za ziada, ukizidisha kwa ampia 37 zinazopita, ni wati 74. Chuma cha kuyeyushia risasi ambacho fundi wa redio hutumia hakifiki hapo mara nyingi. Chombo kama hicho kilikuwa kimewashwa mfululizo siku tatu, kimebanwa kwenye mguu wa rilei.

Kwa nini usiku ule

Rilei ilikuwa imebadilishwa miezi michache kabla. Aliyeifunga alikuwa amemenya ganda la kebo na kuzisukuma nyuzi za shaba zikiwa tupu chini ya skrubu, bila kikonyo cha shaba cha kuzikusanya, kile mafundi wanachokiita feruli. Nyuzi tupu hujipanga upya kila kebo inapopata moto na kupoa, na skrubu iliyokuwa imekaza siku ya kwanza hulegea bila mtu kuigusa. Kila ilipolegea, joto liliongezeka. Kila joto lilipoongezeka, shaba ilipata kutu nyeusi na kugusana vibaya zaidi.

Pampu zilipokuwa zikipokezana, kiungo kilipata saa sita za kupoa. Siku tatu mfululizo zikakinyima nafasi hiyo. Na mlango wa paneli ulikuwa na jambo lake pia. Feni ya kupuliza hewa ilikuwa inazunguka vizuri, lakini chujio lake lilikuwa limefunikwa na wale wadudu wadogo wa ziwa ambao huinuka kwa makundi kama moshi na kufuata taa. Walikuwa wamekaukia pale kama blanketi. Hewa haikuwa inaingia. Taa ya usalama iko juu kabisa ya paneli, nasi ndio tuliokuwa tunawaita. Siku hizi chujio linakung’utwa kila Jumatatu, na wadudu wakiwa wengi kila asubuhi.

Kurekebisha, bila kukaza tu

Nilidhani mzee angechukua bisibisi na kukaza. Alikataa. Shaba iliyokwisha kuungua ina ngozi nyeusi isiyopitisha umeme vizuri, na ukiikaza unabana ngozi juu ya ngozi. Itashika siku mbili kisha irudi.

Swichi kuu ikazimwa, ikafungwa kwa kufuli, ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Alijaribu mita yake kwenye soketi iliyo hai, akapima fezi zote tatu kwenye paneli na kuzikuta hazina umeme, kisha akarudi kuijaribu mita kwenye soketi tena, ili awe na hakika kwamba sifuri ile ilikuwa ya paneli na si ya mita iliyokufa. Ndipo akafungua. Skrubu ya terminali iliyoandikwa 4T2 ilizunguka karibu robo tatu ya mzunguko kabla ya kukutana na ukinzani. Plastiki iliyoizunguka ilikuwa kahawia, na ganda la kebo lilikuwa limekakamaa na kupasuka kama udongo mkavu.

Alikata kebo hadi akapata shaba inayong’aa, karibu sentimita saba. Kwa bahati kulikuwa na urefu wa ziada chini. Akavisha feruli, akaiminya kwa koleo lake. Rilei yenyewe hakuirudisha, hata kama ilionekana inaweza kufanya kazi. Kipande kilichopikwa siku tatu hakiaminiki tena. Kinaweza kutripu mapema, au kisitripu kabisa siku mota itakapokihitaji. Alipima pia miguso ya kontakta na kuikuta salama.

Rilei ya akiba haikuwapo stoo. Tukaichukua ya pampu namba 2, ambayo ilikuwa imekaa bila mota. Ni ya kipimo kile kile. Alipoweka bisibisi kwenye 2T1 ya rilei ile ili aifungue, skrubu ilizunguka kwa vidole, na nyuzi za shaba zikatoka zikiwa tupu. Alinigeukia akanionyesha bila kusema neno. Rilei zote mbili zilikuwa zimefungwa siku moja, na mkono mmoja.

Terminali zote alizikaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa rilei, akaweka 39, akaweka alama ya rangi juu ya kila skrubu kuvuka hadi kwenye plastiki. Mstari huo ukikatika, ujue skrubu imezunguka.

Tuliwasha saa kumi kasorobo usiku. Nikaanza alamu baada ya maji kutulia, nikaichukua sampuli ya kwanza ya maji yaliyotuama saa kumi na moja. Tangi la maji safi lilikuwa limebakiza chini ya theluthi moja.

Mzee alipima tena upotevu wa volti baada ya dakika thelathini: 0.2, 0.2, 0.2. Ampia chini ya rilei zilikuwa 36, 37, 36, zile zile nilizozisoma pampu ikiwa mgonjwa. Kebo zilikuwa nyuzi 47, 49 na 48. Nikaziandika kwenye kitabu cha zamu, na kando yake nikaandika tarehe ya wiki mbili mbele, siku ya kulenga kipimajoto tena na kukaza upya pampu zote mbili, kabla ya mota ya namba 2 kurudishwa.